Kila neno nimeandika mwenyewe ila siwezi kuacha kuihariri ili kigunduzi cha AI kiridhike. Mliotoka huku mlitokaje?

Karatasi_Tupu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba msinitumie linki za kununua chochote, nataka maongezi tu.

Niko mwisho mwisho wa masters, kazi yangu inahusu usingizi na kumbukumbu kwa wanafunzi. Sijatumia AI kuandika hata sentensi moja, naapa. Sasa mwezi uliopita tukatangaziwa kwamba sura yoyote itakayoonyesha zaidi ya asilimia 10 ya AI inarudishwa bila kusomwa. Mimi nikasema ngoja nijipime mapema, nikaingiza sura ya pili kwenye tovuti moja ya bure, ikanipa 12. Nikabadilisha maneno kadhaa, ikawa 38. Nikashtuka, nikaenda tovuti nyingine ikasema 4, ya tatu ikasema 61, andiko ni lile lile sijagusa hata koma!

Tangu hapo sijapona. Sura ina maneno kama 3,100, kuiandika kulinichukua siku 9, kuisafisha ili namba ishuke leo ni siku ya 14 na bado. Nabadilisha sentensi, nabandika, nasubiri kile kiduara kizunguke huku moyo unadunda, ikishuka napumua dakika mbili tatu afu nawaza hivi na ile tovuti nyingine itasemaje, narudi tena. Jana nimelala saa tisa usiku. Mbaya zaidi sura ya tatu ina aya mbili tu kwa sababu kila nikianza sentensi naiona tayari imepakwa rangi ya njano kabla sijaimaliza.

Sio kwamba nataka mbinu ya kushusha namba, hizo ninazo nyingi. Nauliza mnaachaje.

---

Mpita_Zake

Dada usiogope, weka alama za kunukuu kwenye maneno ya watu na urekebishe orodha ya marejeo. Mimi yangu ilikuwa 27 ikashuka 8 siku hiyo hiyo.

---

Karatasi_Tupu

Asante kaka, ila hiyo nadhani ni ile ya kufanana na maandiko mengine. Hiyo sina shida nayo, yangu ni 6. Mimi nazungumzia ile ya AI.

---

Kijana_Shapu

Nimepita huko, nakupa za uhakika. Kwanza changanya sentensi ndefu na fupi, vigunduzi havipendi sentensi za urefu mmoja. Pili acha makosa madogo mawili matatu ya tahajia, mashine haikosei. Tatu usiamini tovuti moja, pima tatu afu tafuta wastani. Hapo wewe 38, 4 na 61 wastani ni kama 34, kwa hiyo bado una kazi, shusha kidogo tu. Nne ikishindikana kabisa kuna zile za kubadilisha andiko liwe la kibinadamu, unabandika inakurudishia safi.

---

Mzee_wa_Drafti

Kijana_Shapu umegusa ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowaumiza watu, kwa hiyo niruhusu nieleze taratibu. Nimefundisha uandishi wa kitaaluma miaka mingi na huu ugonjwa nauona kila muhula sasa.

Ni kweli vigunduzi vingi vya mwanzo, GPTZero ukiwemo, vilianzia kwenye mambo mawili: maneno yako yanatabirika kiasi gani, na sentensi zako zinapishana kiasi gani kwa urefu na ugumu. Ukiandika kwa maneno ya kawaida, kwa mpangilio unaotegemewa, kinasema hii inafanana na mashine. Sasa jiulize, ni maandishi gani ya mwanafunzi yanayotabirika zaidi? Sura ya mbinu za utafiti. Mapitio ya maandiko. "Utafiti huu ulilenga kuchunguza", "matokeo yalionyesha kwamba". Tumewafundisha wenyewe kuandika hivyo! Afu ongeza kwamba wengi mnaandika kwa lugha ya pili au ya tatu, mnatumia maneno mnayoyajua vizuri. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zote zimeandikwa na watu, wakazipitisha kwenye vigunduzi 7. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa za AI, na karibu zote zilikamatwa na angalau kigunduzi kimoja. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote bila shida. Kwa hiyo dada, hicho unachokisafisha siku 14 yawezekana ni unyoofu wa lugha yako tu.

Kuhusu wastani wa tovuti tatu, hapana. Namba zile hazipimi kitu kimoja. Moja inakwambia uwezekano kwamba andiko zima ni la mashine, nyingine inakwambia ni sehemu gani ya sentensi zako imeshukiwa. Ni kama mmoja akupe joto la mwili, mwingine akupe uzito, ujumlishe ugawe kwa mbili.

Na hiyo ya nne ya kupitisha kwenye kibadilishaji, naomba sana watu wasifanye. Ulikuwa na andiko lako safi, ukilipitisha huko sasa limeandikwa na AI kweli. Turnitin wenyewe wameongeza ukaguzi unaolenga maandishi yaliyopitishwa kwenye vifaa vya namna hiyo. Mtu asiye na hatia anajitengenezea kosa kwa mikono yake, na akiitwa kujieleza hawezi tena kusema "nimeandika mwenyewe" akimwangalia mtu usoni.

Karatasi_Tupu, nina ombi. Tuwekee sentensi moja, ilivyokuwa mwanzo na ilivyo sasa.

---

Kijana_Shapu

Sawa mzee nimekuelewa kwenye wastani. Ila ya makosa ya tahajia imenisaidia mimi binafsi, namba ilishuka.

---

Mzee_wa_Drafti

Ilishuka, sikatai mdogo wangu. Na msahihishaji akakukata alama za lugha, au hakukukata?

---

Kijana_Shapu

Alikata.

---

Karatasi_Tupu

Naweka mzee, kwa Kiswahili ili wote tuione.

Mwanzo: "Wanafunzi walioripoti kulala chini ya masaa sita walikumbuka maneno machache kuliko walioripoti kulala masaa nane."

Sasa hivi, baada ya mara sijui ngapi: "Wale walionyimwa usingizi, kumbukumbu zao za maneno hazikufua dafu mbele ya wenzao waliopumzika ipasavyo."

Hii ya pili inapata 0 kwenye tovuti zote tatu.

---

Mzee_wa_Drafti

Asante. Tuzisome zote mbili kama msahihishaji atakavyozisoma.

Sentensi ya kwanza ina neno "walioripoti". Hilo neno ni zito mno, linamwambia msomaji kwamba hukuwapima usingizi kwa kifaa, uliwauliza. Kwenye ya pili limepotea. Badala yake kuna "walionyimwa", yaani kuna mtu aliwazuia kulala, kama jaribio la maabara. Hujafanya jaribio. Umebadilisha aina ya utafiti wako kwa neno moja! Masaa sita na masaa nane yote yameyeyuka, na "ipasavyo" ni hukumu, nani kasema ipasavyo ni mangapi? "Hazikufua dafu" inanifanya nidhani tofauti ilikuwa kubwa sana, je ilikuwa kubwa?

---

Karatasi_Tupu

Ilikuwa ndogo. Tena kwenye jedwali langu ni ndogo kabisa.

Mzee nimesoma hii nimekaa chini. Sikuwa nimeona kabisa hilo la walioripoti. Nilikuwa naangalia rangi tu.

---

Mzee_wa_Drafti

Ndiyo hapo. Ukihariri kwa ajili ya msomaji, kila badiliko lina sababu unayoweza kuitaja: nimeongeza usahihi, nimeondoa utata, nimepanga hoja ije kabla ya mfano. Ukihariri kwa ajili ya kigunduzi sababu ni moja tu, namba, na namba haijui kama umedanganya kuhusu data. Rudi kwenye kopi ya kwanza kabisa ya sura yako, ile ya siku ya 9. Unayo?

---

Karatasi_Tupu

Ninayo, nimehifadhi kopi 46. Nafungua zote kutafuta ilipokuwa na namba nzuri.

---

Mshauri_Kimya

Samahani nimechelewa kwenye uzi. Mimi nafanya kazi ya ushauri nasaha na wanafunzi, na nitaacha mambo ya vigunduzi kwa wanaovijua, niseme hili la kiduara kinachozunguka.

Mdogo wangu, ulivyoeleza pale juu umeeleza mzunguko wote bila kukosea. Hofu inapanda, unapima, namba ikishuka unapata nafuu ya dakika mbili, hofu inarudi ikiwa kubwa zaidi. Nafuu ile ndiyo inayoufunga mzunguko. Akili inajifunza kwamba nilinusurika kwa sababu nilikagua, kwa hiyo mara nyingine inadai ukague tena. Ni mzunguko ule ule wa mtu anayerudi mlangoni mara kumi kuangalia kama kafunga. Na kuna jambo limeonekana kwenye tafiti za ukaguzi wa kujirudia, kwamba mtu akikagua kitu mara nyingi mno anaanza kutoamini kumbukumbu yake mwenyewe. Nimeshakaa na wanafunzi walioandika kila neno, wakafika mahali wananiuliza kwa sauti ndogo, hivi kweli niliandika mimi? Hawadanganyi, wamechoka tu.

Sasa kwenye kuacha. Ukiniambia naacha leo moja kwa moja nitakuamini, ila wengi wanarudi siku ya pili usiku. Ninachofanya na wanafunzi ni kuchukua karatasi, na kila hamu ya kupima ikija kabla hujafungua tovuti unaandika saa ngapi, hofu ni ngapi kati ya 0 na 10, na unaogopa nini kitatokea kwa maneno kamili. Usiandike "naogopa namba", andika "naogopa nitaitwa mbele ya kamati". Afu unachelewesha kupima kwa dakika 15. Huzuii, unachelewesha tu. Dakika 15 zikiisha andika tena hofu ni ngapi. Watu wengi wanashangaa kuona 8 imekuwa 5 bila wao kupima chochote, na hilo ndilo somo ambalo akili ilikuwa haijawahi kulipata kwa sababu kila mara ulikuwa unaizima hofu kwa kupima kabla haijashuka yenyewe. Siku mbili tatu baadaye unasogeza nusu saa, afu saa moja, afu mpaka kesho asubuhi. Usiku usipime kabisa, mwili ukichoka kila namba inaonekana hukumu.

Angalia pia ukaguzi uliojificha. Kuwauliza marafiki "hii inasikika kama AI?", kufungua kopi 46 kutafuta iliyokuwa nzuri, kusoma hadithi za watu walioshtakiwa mpaka alfajiri. Vyote ni kupima kwa jina lingine.

Kama kutolala kumezidi wiki mbili, huli vizuri, au unawaza kuacha shule kabisa, usiishie kwenye uzi, nenda ukamwone mshauri wa chuo chako uso kwa uso.

---

BintiSarufi

Mimi nimeitwa mbele ya kamati kweli, naeleza ili mjue inavyokuwa.

Kazi yangu ilionyesha 43. Nilikuwa nimeandika yote kwenye simu, kwenye sehemu ya noti, afu nikakopi nikabandika kwenye Google Docs siku ya mwisho. Wakaniambia tuonyeshe historia. Nikafungua File, Version history, See version history, ikatokea maneno 2,000 yameingia kwa dakika moja. Nililia pale pale. Kilichoniokoa ni daftari, nilikuwa na kurasa kumi na moja za mwandiko wangu zenye mishale na maneno yaliyofutwa, na mmoja wao akaniuliza kwa nini nilitoa mfano fulani nikamweleza dakika tano bila kusimama. Wakaniachia, ila barua ya onyo haijafutwa mpaka leo na sijui kama itafutwa.

Kwa hiyo mimi sikubali mtu akisema hofu ni ya kichwani tu. Hofu ina sababu.

---

Mshauri_Kimya

Pole sana dada, na uko sahihi, sababu ipo. Ndiyo maana nauliza waandike wanaogopa nini kwa maneno kamili. Hofu ya kamati inatibika kwa ushahidi kama daftari lako. Kushusha namba kutoka 12 mpaka 9 hakumsaidii mtu mbele ya kamati hata kidogo.

---

Mzee_wa_Drafti

Alichosema BintiSarufi watu wakichukue. Andika ndani ya faili moja kuanzia sentensi ya kwanza mbovu mpaka mwisho. Google Docs inahifadhi mabadiliko yenyewe, ila baada ya muda inaweza kuunganisha matoleo madogo madogo, kwa hiyo ukimaliza kikao ingia File, Version history, Name current version, ulipe jina kama "sura 2 kabla ya maoni ya msimamizi". Wanaotumia Word, historia ya matoleo inafanya kazi vizuri faili likiwa OneDrive na AutoSave imewashwa. Likiwa kwenye kompyuta tu bila mtandao, hifadhi kopi yenye tarehe kila siku ya kazi. Anayeandika kwa mkono apige picha kurasa kabla ya kuchapa.

Mtindo wa kuhariri kwa kigunduzi unaharibu hata ushahidi huu. Historia yako ikifunguliwa inaonyesha mtu aliyekuwa na sentensi nzuri akaibadilisha mara kumi na tano bila mantiki, usiku wa manane. Mtu mwenye shaka anaweza kuisoma kama mtu anayeficha kitu.

---

Msahihishaji_140

Naomba niseme upande wa pili hata kama sitapendwa. Muhula huu nina kazi 140 za kusahihisha. Nimepokea maandiko yenye marejeo ya makala ambazo hazijawahi kuwepo. Mnataka nifanye nini, nisome kila historia ya kila mwanafunzi? Ile namba inanisaidia kujua nianze na nani. Na Turnitin wanasema wanaokamatwa bila hatia ni chini ya asilimia 1.

---

Mzee_wa_Drafti

Mwalimu mwenzangu, mzigo wako naujua, na wadanganyifu wapo kweli. Tatizo langu ni hiyo asilimia 1 ikikutana na wingi. Chuo cha Vanderbilt walikokotoa wenyewe: mwaka 2022 walipitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, asilimia 1 ya hizo ni karibu 750 zingeweza kushukiwa kimakosa. Agosti 2023 wakakizima hicho kigunduzi. OpenAI nao waliotengeneza ChatGPT walitoa kigunduzi chao Januari 2023, kikawa kinatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kuwabambikia watu halisi asilimia 9, wakakiondoa Julai mwaka huo huo kwa usahihi mdogo.

Na kuna hili la "chini ya 10" ambalo dada ameambiwa. Ripoti ya Turnitin ikipata kati ya 1 na 19 siku hizi haionyeshi namba, inaweka nyota, kwa sababu wenyewe wanasema huko chini uwezekano wa kukosea unapanda. Sasa idara inadai 10 kwa kifaa ambacho chenyewe hakitaki kutaja 10! Tena kinahitaji angalau maneno 300 ya maandishi mfululizo ndipo kitoe ripoti. Na ile ripoti kwa kawaida anaiona mwalimu, mwanafunzi haioni, kwa hiyo zile tovuti tatu za bure hazimwambii chochote kuhusu namba atakayoiona msimamizi.

---

Msahihishaji_140

Hilo la nyota sikulijua kwa uzito huo. Bado naona namba kama pa kuanzia na sitaacha kuiangalia. Ila nakubali kurudisha kazi bila kuisoma sio sawa, mimi sifanyi hivyo.

---

Kijana_Shapu

Sasa mtu kama Karatasi_Tupu atafanyaje wakati idara ndiyo iliyosema 10? Historia na daftari ni nzuri lakini kazi inarudishwa kabla hata hajaitwa.

---

Mzee_wa_Drafti

Swali zuri na sina jibu la kulimaliza. Ningekuwa yeye ningemwandikia msimamizi mapema kabla ya kuwasilisha. Asiombe msamaha na asitaje zile tovuti. Aandike hivi: "Nimeandika sura hii mwenyewe, nimeambatanisha linki yenye historia ya matoleo na niko tayari kuelezea sehemu yoyote kwa mdomo. Naomba kujua 10 inapimwa kwa kifaa gani na utaratibu ni upi iwapo kifaa kitakosea." Mistari minne. Unaiweka idara mahali pa kujibu. Haiwalazimishi kubadilisha kanuni lakini barua ipo na ina tarehe.

---

Karatasi_Tupu

Nimerudi baada ya siku 8, samahani nilikaa kimya makusudi kwa sababu kusoma uzi nako kulikuwa kumegeuka kupima.

Nilianza na karatasi ya Mshauri_Kimya. Siku ya kwanza hamu ilikuja mara 19, naandika namba hapa bila kuficha. Nilishindwa mara 7. Ya kwanza kabisa niliyochelewesha dakika 15 hofu ilitoka 9 ikaenda 6, nikalia kidogo kwa sababu nilikuwa naamini itapanda tu mpaka nife. Kwenye ile sehemu ya "unaogopa nini kwa maneno kamili" niliandika mara nyingi kitu kile kile, kwamba mama atajua nimefukuzwa. Sikuwahi kukiwaza kabla ya kukiandika. Juzi ilikuja mara 5, nikapima mara moja, jana sikupima.

Nimerudi kwenye kopi ya siku ya 9. Nikaiweka pembeni ya ile ya mwisho nikapitia sentensi kwa sentensi, nikijiuliza hii niliibadilisha kwa ajili ya nani. Sentensi 11 nilizibakiza mpya kwa sababu kweli zilikuwa zimekuwa wazi zaidi. Zilizobaki zote nimerudisha za zamani, na kwenye tatu nilikuta nimepotosha matokeo yangu mwenyewe kama ile ya walioripoti. Kopi nyingine 44 nimeziweka kwenye folda moja nikampa dada yangu aishike, siwezi kuzifungua.

Kuandika sura ya tatu nimebadilisha kidogo. Kila aya naanza kwa kumwambia mtu kwa sauti, hata ukuta, nataka kusema nini, najirekodi kwenye simu, afu naandika nikisikiliza. Sentensi zinatoka mbovu lakini zinatoka. Nina kurasa nne.

Msimamizi nilimwandikia ile mistari minne. Amejibu kwamba linki ameiona, anataka tukutane Alhamisi nimweleze sehemu ya matokeo, na kuhusu 10 amesema hajui kifaa gani, atauliza. Sijui watamjibu nini na hofu ipo, leo asubuhi niliipa 4.

---

BintiSarufi

Alhamisi nenda na daftari mdogo wangu. Usiwape picha, nenda nalo lenyewe.

---

Karatasi_Tupu

Nitaenda nalo dada. Nikitoka huko nakuja kusema hapa hapa.